Sura ya 5: Mtu Akijikosea, Serikali Imwamulie?

Swali hili hujitokeza kila inapozungumzwa akiba ya uzeeni, bima ya afya, pombe au pembejeo za kilimo. Ikiwa watu wanajua lenye faida kwao na bado hawalifanyi, kwa nini mwenye mamlaka asilifanye kwa niaba yao? Mfanyakazi anataka kuweka akiba, lakini kila mwezi unaisha bila senti kubaki. Mgonjwa anaanza dawa vizuri, anazikatiza nusu njiani. Mkulima anajua mbolea inaongeza mavuno, na msimu unampita shamba likiwa halijaona hata punje moja ya mbolea. Ukiiweka mifano hiyo mezani, kumwambia kila mtu ajiamulie mwenyewe kunafanana zaidi na kumtelekeza kuliko kumheshimu. Sura hii haiikatai mifano. Inachokataa ni jinsi watu wanavyoruka kutoka "amekosea" hadi "basi aamuliwe", kana kwamba kati ya maneno hayo mawili hakuna kazi ya kufanya.

Tuweke maneno sawa kwanza. Herbert Simon, mtaalamu Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 1978, alisema kwamba binadamu hana muda, taarifa wala nafasi kichwani ya kupima kila chaguo lililo mbele yake. Hutafuta linalotosha, na akilipata anaishia hapo. Hali hiyo tutaiita urazini wenye mipaka. Uchumi wa tabia ni tawi la uchumi linalochunguza watu wanavyoamua kweli, wakiwa na haraka, usahaulifu na tamaa zao. Msukumo mdogo ni kubadili namna machaguo yanavyopangwa mbele ya mtu bila kumkataza lolote, kwa mfano kumwandikisha mfanyakazi mpya kwenye mfuko wa akiba moja kwa moja, ila akitaka kujitoa anajitoa. Neno la mwisho ni ulezi: mwenye mamlaka kuingilia uamuzi wa mtu mzima kwa hoja kwamba ni kwa faida ya mtu huyo huyo. Sheria ya mwendo kasi barabarani hatuihesabu humu, maana kwa sehemu kubwa inamlinda anayevuka barabara na siyo dereva peke yake.

Richard Thaler na Cass Sunstein, katika kitabu chao cha mwaka 2008 kilichoufanya msukumo mdogo kuwa gumzo la serikali nyingi, walidai kwamba mambo haya mawili yanaweza kuishi pamoja: unamwelekeza mtu kwenye lililo jema na unamwachia uhuru wake. Dai hilo likibaki hewani ni rahisi kulikubali na ni rahisi pia kulikataa. Ni bora tulishushe shambani.

Nusu kijiko cha chai, Busia

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wachumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walifanya majaribio na wakulima wa mahindi wa Busia, magharibi ya Kenya. Hawakutumia mashamba ya kituo cha utafiti. Walitenga vipande vidogo ndani ya mashamba ya wakulima wenyewe, wakatia viwango tofauti vya mbolea, kisha wakapima mavuno na gharama. Kilichoshinda kilikuwa kitu kidogo mno: nusu kijiko cha chai cha mbolea ya kukuzia kwa kila shimo, mahindi yanapofika magotini. Kwa wastani, shilingi 100 zilizotiwa hapo zilirudi na faida ya shilingi 36 ndani ya msimu mmoja, na ukipiga hesabu ya mwaka mzima faida inakaribia asilimia 70. Hakuna benki inayompa mkulima mdogo riba ya namna hiyo.

Na bado wengi hawakuitumia. Wakulima walioshuhudia mahindi yakinawiri kwenye vipande vya majaribio waliulizwa kama msimu ujao watatia mbolea, na karibu wote, zaidi ya 97 katika kila 100, walijibu ndiyo. Msimu ulipofika, waliotia kweli walikuwa takriban 37. Walipoulizwa sababu, jibu la wengi lilikuwa moja: hela hazikuwepo. Jibu hilo si uongo, lakini halitoshi. Mbolea huweza kununuliwa kwa kilo moja moja, na mkulima huyo huyo alikuwa na fedha, au mahindi ya kugeuza kuwa fedha, wiki chache baada ya kuvuna. Tatizo ni kwamba baina ya mavuno na mahindi ya msimu unaofuata kufika magotini kuna miezi kadhaa, na katika miezi hiyo kuna karo, maziko, ndugu aliyekwama na tundu kwenye paa. Duka la mbolea nalo liko sokoni, mwendo wa kama nusu saa kwa miguu. Safari hiyo inaweza kusubiri kesho bila madhara yoyote, na hilo ndilo linaloifanya isisafiriwe.

Wachumi huuita mwelekeo huu upendeleo wa sasa: kila leo huonekana nzito kuliko kesho yoyote, kwa hiyo usumbufu mdogo wa leo huahirishwa hata kama malipo yake ya kesho ni makubwa. Mwenye upendeleo wa sasa si mjinga wala mvivu. Anapanga vizuri, na anaamini kabisa kwamba kesho atatekeleza.

Vocha baada ya mavuno

Kutokana na uchunguzi huo ulizaliwa mpango uliopewa jina la SAFI. Ofisa alimtembelea mkulima nyumbani mara tu baada ya kuvuna, akamuuzia vocha ya mbolea kwa bei ile ile ya dukani. Aliyenunua angeletewa mbolea nyumbani bure wakati wa kuihitaji, na angeweza kulipa kwa fedha taslimu au kwa mahindi. Sharti lilikuwa moja, kwamba uamuzi ufanyike wakati wa ziara ile. Hakupunguziwa bei hata kidogo. Alichopunguziwa ni ile safari ya sokoni, na alichoongezewa ni kikomo cha muda, katika kipindi ambacho debe la mahindi bado liko ndani.

Katika msimu wa kwanza, wakulima waliotumia mbolea miongoni mwa wasiotembelewa walikuwa takriban 34 katika kila 100, na miongoni mwa waliotembelewa takriban 45. Watafiti walijaribu pia njia nyingine kwa kulinganisha. Kikundi kimoja kiliuziwa mbolea kwa nusu bei, lakini baadaye, wakati wa kuitia shambani. Nusu bei hiyo ilipandisha matumizi kwa kiasi kinachokaribiana na kile cha SAFI, ingawa SAFI haikumpunguzia mtu bei. Kupelekewa mbolea bure wakati huo wa baadaye, bila punguzo, kulisaidia kwa kiasi kidogo kuliko njia hizo mbili. Hapa ndipo ulipo mvuto wa msukumo mdogo kwa waziri wa fedha: ruzuku inaila hazina, na humnufaisha hata mkulima ambaye angenunua kwa bei kamili, au ikamfanya atie mbolea kupita inavyolipa. Vocha ya baada ya mavuno inamgusa zaidi yule anayeahirisha.

Kwa kifupi mpaka hapa:

- Wakulima walikuwa na mpango wao wenyewe, na hawakuutimiza.
- Kilichowakwamisha, kwa sehemu, ni kuahirisha safari ndogo.
- Kubadili muda wa kuuza kulisaidia karibu sawa na kukata bei nusu.

Ukisoma haya tu, ulezi umeshinda kesi. Lakini kesi bado mbichi.

Kosa kwa kipimo cha nani?

Linaloipa SAFI uhalali si kwamba wataalamu waliona mbolea ni nzuri. Ni kwamba wakulima wenyewe walisema wanaitaka, kisha wakashindwa na kuahirisha. Tofauti hii ndiyo nguzo ya sura nzima. Kumsaidia mtu kufika anakokwenda ni jambo moja, na kumchagulia pa kwenda ni jambo lingine, hata kama njia iliyotumika ni ile ile. Urazini wenye mipaka unahusu la kwanza. Unaonyesha kwamba baina ya nia na tendo kuna mwanya. Juu ya nia ipi inafaa kuwa nayo, haufundishi chochote. Mkulima anayeamua kuuza mahindi alipe karo badala ya kununua mbolea hajajikosea. Amepima vitu viwili na kuchagua kimoja, na anayemwita mwenye mipaka ya akili kwa sababu hiyo anatumia lugha ya sayansi kuficha kwamba yeye angependelea mbolea.

Hapo msomaji makini atauliza tunajuaje nia ya mkulima. Mgeni amekuja na daftari, amekufanyia majaribio shambani kwako, anakuuliza kama utatia mbolea. Utamjibu hapana? Katika vijiji vyetu mgeni hakatishwi tamaa mlangoni, kwa hiyo zile "ndiyo" 97 zinaweza kuwa na adabu nyingi kuliko mpango. Pingamizi hili ni zito, na kama ushahidi ungekuwa maneno peke yake, lingetosha kuiangusha hoja. Bahati njema watafiti waliweka kipimo kinachogharimu. Kabla ya mavuno, waliwauliza baadhi ya wakulima wachague ofisa aje lini kuuza vocha: mara baada ya kuvuna, au baadaye. Asiye na tatizo la kuahirisha hana sababu ya kumwita mapema, kwa kuwa akisubiri anabaki na fedha yake mkononi na nafasi ya kubadili mawazo. Karibu nusu waliomba aje mara baada ya kuvuna. Walijijua. Walitaka kufungwa mikono wakiwa bado na akili ya kuiomba kamba.

Sasa itazame nusu ya pili, ambayo wasimuliaji wa habari hii huipita haraka. Zaidi kidogo ya nusu hawakuomba ofisa aje mapema. Miongoni mwao wamo bila shaka walioahirisha hata kukiri kwamba huahirisha. Lakini wamo pia wenye hesabu nyingine kabisa, na kutoka nje huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo hata katika mfano huu, ulio bora kuliko mingi, ruhusa ya kusukuma ilitolewa na karibu nusu ya watu. Serikali inayotangaza kwamba "wananchi wenyewe wanataka" inapaswa kueleza ni wangapi waliulizwa, na kwa njia gani ambayo jibu la hapana lisingekuwa aibu.

Mtaalamu naye ana mipaka

Katika majaribio yale yale ya Busia kulikuwa na jambo ambalo lilistahili kuisumbua Wizara ya Kilimo kuliko kuahirisha kwa wakulima. Wakati huo wizara ilishauri kifurushi kamili: mbegu chotara, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia, kila kimoja kwa kipimo chake. Kifurushi hicho kiliongeza mavuno kweli. Lakini gharama zote zilipotolewa, kwa mkulima wa wastani wa eneo lile hakikulipa. Kilicholipa ni nusu kijiko. Mkulima aliyekuwa anaupuuza ushauri wa bwana shamba, na ambaye kwenye ripoti angehesabiwa miongoni mwa wasiobadilika, alikuwa na hesabu sahihi kuliko ofisi iliyomshauri.

Weka akilini SAFI ile ile, na ofisa yule yule mwenye vocha, ila anauza kifurushi kamili. Msukumo ungefanya kazi kama ulivyofanya, na kadiri ungefanya kazi vizuri ndivyo watu wengi zaidi wangeingia hasara. Ustadi wa kusukuma hauna macho. Hupeleka watu kokote unakoelekezwa, na anayeelekeza ni ofisa mwenye muda mchache, taarifa pungufu na mazoea ya ofisini, yaani mwenye urazini wenye mipaka kama aliouona kwa mkulima. Watetezi wa ulezi humtazama mwananchi kwa jicho la saikolojia, kisha wakimfikia mpangaji sera wanamhesabu kuwa malaika.

Wastani wenyewe pia huficha mengi. Tafiti nyingine za magharibi ya Kenya zimeonyesha kwamba kwenye ardhi iliyochoka, iliyopoteza mboji yake, mbolea ya dukani hairudishi fedha iliyoinunua. Mwenye shamba la hivyo akikataa vocha anafanya jambo la busara, na msukumo uliopangwa kwa ajili ya jirani yake unamwelekeza kwenye shimo.

Kuna pia suala la kilichomo ndani ya mfuko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulipima yurea iliyonunuliwa madukani Uganda na kukuta imepungukiwa, kwa wastani, takriban asilimia 30 ya naitrojeni, kirutubisho ambacho mkulima alikuwa anakilipia. Kwa mbolea ya aina hiyo, kutonunua ni uamuzi wa mtu aliyeumwa na nyoka. Lakini watafiti waliopima mbolea za madukani mkoani Morogoro, Tanzania, walipata picha ya kinyume: karibu sampuli zote zilikuwa na viwango vinavyotakiwa, ilhali wakulima waliamini kwamba sehemu kubwa ilikuwa imechakachuliwa. Wengi waliihukumu mbolea kwa sura yake, ikiwa imeganda mabonge au kubadilika rangi, na sura haielezi naitrojeni iliyomo. Kwa hiyo mkulima wa Morogoro alikosea, ila kosa lake halitibiwi kwa vocha ya mapema. Linatibiwa kwa vipimo vinavyofanywa na kutangazwa dukani hadharani. Dalili ni moja, mbolea haikununuliwa, na magonjwa ni matatu tofauti: kuahirisha, udongo uliochoka, kutoamini bidhaa. Anayefika na dawa moja mkononi ataliona gonjwa moja kila anakokwenda.

Subira imepungua, au fedha?

Hatari nyingine ni kuita udhaifu wa nafsi kile ambacho ni ufukara wa kawaida. Wakulima wa magharibi ya Kenya huuza mahindi mara baada ya kuvuna, bei ikiwa chini, kisha hununua mahindi miezi michache baadaye kwa bei ya juu. Kwa mtazamaji wa mbali hakuna ushahidi mzuri zaidi wa kukosa subira. Watafiti walipowapa baadhi yao mkopo wakati wa mavuno, badala ya mawaidha au msukumo, wakulima hao waliyahifadhi mahindi yao, wakauza bei ilipopanda, na wakapata faida. Subira ilikuwepo. Kilichokosekana ni fedha za kulipia mahitaji ya mwezi ule bila kugusa gunia.

Hapa ndipo ulezi unapogeuka kuwa siasa, hata kama waliouanzisha hawakukusudia. Msukumo ni wa bei nafuu. Mkopo, barabara na maabara ya udongo ni ghali. Ofisi iliyoshawishika kwamba tatizo la maskini liko kichwani mwake ina sababu nzuri ya kutotafuta fedha za vile vya ghali. Na huo unafuu una kikomo. Huko Marekani, Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walikusanya majaribio 126 ya vitengo vinavyoshughulikia misukumo, wakakuta kwamba matendo yaliyolengwa yaliongezeka kwa wastani wa pointi 1.4 za asilimia, ilhali majaribio yaliyochapishwa na wasomi kwenye majarida yalionyesha wastani wa pointi 8.7. Pointi 1.4 si kitu cha kubeza pale barua moja inapofika kwa mamilioni ya watu, ila haziwezi kushika nafasi ya sera ya kilimo.

"Lakini hakuna mpangilio usioegemea upande"

Hoja yenye nguvu kuliko zote ya watetezi ni hii. Machaguo lazima yapangwe kwa namna fulani. Mfanyakazi mpya ama ameandikishwa kwenye akiba mpaka ajitoe, ama hajaandikishwa mpaka aombe. Vocha ama inauzwa Agosti, ama inauzwa Oktoba. Kwa kuwa mpangilio wowote unasukuma, tuchague unaosukuma kuzuri, na malalamiko juu ya ulezi hayana mahali pa kusimama.

Nusu ya hoja hii ni kweli. Mpangilio haukwepeki. Kinachokwepeka ni sababu ya kuuchagua. Ofisi inaweza kuchagua Agosti kwa kuwa wakulima waliulizwa wakaitaja Agosti, au kwa kuwa ndipo mtu anapolegea na kununua bila kufikiri. Mwezi ni ule ule, lakini katika hali ya kwanza mkulima ana haki ya kuirudia ofisi na kusema mambo yamebadilika, na katika ya pili hana pa kusemea, kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Basi ofisi inayotaka kusukuma iwe na majibu kwa haya:

- Lengo hili limetajwa na walengwa wenyewe, kwa njia iliyowagharimu kitu?
- Faida yake imepimwa kwa watu na mashamba ya hapa, baada ya kutoa gharama?
- Anayekataa hupoteza nini, na anajua kwamba anaweza kukataa?
- Ikiwa kizuizi ni fedha au bidhaa mbovu, kwa nini tunasukuma?

Majibu hayo hayawi ya kudumu, na SAFI inaonyesha sababu. Mpango ulipokoma, matumizi ya mbolea yalirudi yalikokuwa. Wakulima hawakujenga tabia mpya, wala waliovuna zaidi hawakuanza kwenda sokoni wenyewe msimu uliofuata. Jambo hilo linaunga mkono maelezo ya kuahirisha, kwani safari ya kesho iliendelea kuwa safari ya kesho. Lakini maana yake pia ni kwamba msukumo wa namna hii ni huduma ya kulipiwa kila msimu, wala si somo linalofundishwa mara moja.

Huduma hurekebishwa kwa kuwatazama wanaoikataa, na hapo ndipo takwimu za miradi ya aina hii huwa fupi. Fomu ya ofisa huandika vocha zilizouzwa. Ingetakiwa iandike pia kila nyumba iliyosema hapana, shamba lake liko upande gani wa kijiji, na sababu iliyotolewa. Hapana zikitawanyika huku na huko, huenda ni hesabu za nyumba moja moja, na ziachwe. Zikijazana kwenye mteremko mmoja wenye udongo mwekundu uliolimwa bila kupumzishwa, kinachohitajika pale ni kipimo cha udongo kabla ya vocha nyingine yoyote kupelekwa.